Mtunza Nyundo

Pale ofisi ya misitu walimwita Mama Nyundo, na wala hakukasirika. Alikuwa mtunza stoo kwa miaka kumi na moja, na mali kubwa ya stoo ile haikuwa mapanga wala mabuti, bali nyundo ya chuma yenye namba kumi na saba usoni. Mti ukikatwa kwa kibali, gogo hugongwa alama ya nyundo hiyo, na kisiki nacho hugongwa. Gogo lisilo na alama ni la wizi, hakuna mjadala. Ndiyo maana nyundo ilikaa kwenye sefu, ikatoka kwa sahihi na kurudi kwa sahihi, na ufunguo ukaning'inia shingoni mwa Mama Nyundo. Watani wake walisema hata bafuni anaoga nao, na hawakukosea.

Aliuvua mara moja tu. Mama yake mzazi aliugua wiki tatu hospitali, akafariki, na Bwana Misitu, mkuu wa ofisi, akamkuta analia juu ya daftari la stoo. Huyo ndiye aliyemwajiri, akamfundisha kazi, akamwita "binti yangu" mpaka watu wakadhani ni ndugu kweli.

"Nenda ukamzike mama," alimwambia. "Huo ufunguo niachie mimi. Kwani mimi mgeni hapa?"

Kanuni ilitaka ufunguo ukabidhiwe kwa maandishi. Lakini nani ana moyo wa kumdai maandishi mtu anayemfuta machozi? Akampa hivyo hivyo. Bwana Misitu akaongeza wema juu ya wema: akamtafutia lori la rafiki yake mfanyabiashara, bure kabisa, libebe jeneza hadi kijijini kwao, kule kunakopakana na msitu wa hifadhi.

Miezi miwili baadaye Mama Nyundo alikuwa ameketi mbele ya mpelelezi, mwanamke mpole wa miwani, katika chumba chenye meza moja na feni mbovu. Kontena lilikuwa limefunguliwa bandarini. Ndani mlikuwa na magogo thelathini ya mti mwekundu, yote yamegongwa namba kumi na saba. Visiki vyake vilipatikana katikati ya hifadhi, mahali ambapo hata fito haikatwi, na havikuwa na alama yoyote. Magogo mawili yalikuwa yametobolewa na kujazwa pembe za ndovu.

Asubuhi hiyo Bwana Misitu alikuwa amempigia simu. "Binti yangu, sema uliyagonga wewe kabla ya msiba, ukachanganya kibali. Huo ni uzembe tu, utapewa onyo. Mimi nipo." Na Mama Nyundo, Mungu amsamehe, alikubali. Mtu aliyekushika mkono kwenye msiba humwachi azame.

"Nilichanganya kibali," alisema. "Lakini jamani, ni magogo tu. Sijaua mtu."

Mpelelezi akavua miwani. "Dada yangu, aliyempiga ndovu risasi hawezi kuzifikisha pembe ng'ambo peke yake. Anamhitaji mkata miti, dereva, mwandika hati, mwenye nyundo, na tajiri wa kuwapanga wote. Nikimfunga mwindaji tu, kesho wanamwajiri mwingine. Ndiyo maana sheria haiuiti mtandao huu wizi wa kuni. Inauita uhalifu wa kupangwa, na kila aliyetia mkono anakwenda jela miaka mingi. Hakuna onyo hapa. Kundi hili hili limewapiga risasi askari wawili wa wanyamapori. Mmoja hatembei tena."

Kisha akasukuma picha mezani. "Kamera ya kizuizi cha barabarani. Askari hawakulisimamisha hata."

Lilikuwa lori lile lililobeba jeneza, sasa likirudi kutoka kijijini. Turubai limefunika mzigo mrefu, na kwenye kioo cha pembeni bado kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe cha msiba. Tarehe ilikuwa ya mazishi, saa kumi jioni. Nani angesimamisha gari la wafiwa?

Hapo ndipo Mama Nyundo alipoelewa. Kila siku ya zile wiki tatu Bwana Misitu alipita stoo kuuliza, "Mama anaendeleaje?" Na yeye, mjinga wa watu, alikuwa akimjibu kwa kirefu: leo kanywa uji, leo hakufumbua macho. Kumbe mwenzake alikuwa akipanga safari ya magogo.

"Futa nilichosema," akamwambia mpelelezi. "Magogo sikuyagonga mimi. Ufunguo nilimpa mkuu wangu bila maandishi. Hilo kosa ni langu, liandike."

Ziliandikwa kurasa nne, akazitia sahihi zote. Alipotoka alikutana na Bwana Misitu koridoni, askari wawili wakimleta.

"Binti yangu," alisema kwa sauti ya chini, "unanifanyia hivi? Mimi niliyekusaidia kumzika mama yako?"

"Ulinisaidia," alisema Mama Nyundo. "Na mimi nikasimama pale kaburini, mbele ya ukoo mzima, nikakushukuru."