Vaijayanti na Cheti cha Kuwa Hai

Vaijayanti Hujare hakai kitini. Mwenzangu huyo nimefanya naye kazi miaka mingi katika benki yetu ya ushirika hapa Sangli, mimi dirisha la fedha, yeye chumba cha nyuma ambako huandika ujumbe wa Kimarathi unaoingia kwenye simu za wateja. Akitafuta neno, huamka. Hutembea hadi kwenye birika la maji, hurudi, husimama dirishani, hula kipande cha chakli, kitafunio cha unga, kutoka kwenye mkebe wangu bila kuomba, huku midomo ikicheza. Wateja wapya humdhania mgonjwa. Mimi humwambia, "Vaiju, kaa chini, unanitia kizunguzungu." Hasikii.

Mwaka ninaousimulia alikuwa na sababu. Kila Novemba wastaafu wote lazima walete cheti cha kuwa hai, yaani waje waonekane, waweke kidole au saini, benki ijue kwamba pensheni haiendi kwa marehemu. Asiyeleta, pensheni inasimama mpaka alete. Na mwaka uliotangulia, Vaiju ndiye aliyewaandikia wazee ule ujumbe wa kuwakumbusha.

Aliuandika kwa adabu ya kadi ya harusi. Kimarathi kinampa mtu ngazi za kuchagua. Kuna *tu*, ambayo ni ya mtoto, rafiki wa shuleni, mama yako na Mungu. Kuna *tumhi*, ambayo ni kama kumwambia mtu mmoja "nyinyi" kwa heshima, na hiyo ndiyo ya wakubwa na wageni. Halafu juu kabisa kuna *aapan*, ya hotuba na mialiko. Vaiju alipanda hadi juu. Kitenzi nacho hakukiacha kiamuru. Badala ya *dya*, yaani "toeni", aliweka *dyava*, "kingetolewa", na mwishoni akaongeza ombi la unyenyekevu. Ukaenda wiki ya Diwali, wakati simu za watu zimejaa salamu za heri kutoka kwa maduka ya dhahabu na wanasiasa, zote za *aapan*, zote za unyenyekevu. Wazee wakadhani ujumbe nao ni salamu. Wengine walijibu, "Nanyi pia."

Desemba walikuja. Mimi ndiye niliyekuwa dirishani, kwa hiyo nisimuliwe na nani? Walimu wastaafu waliolima ubao maisha yao yote walisimama mbele yangu na vitabu vya benki mkononi wakiuliza pensheni imekwenda wapi. Mama mmoja alilia. Nilikasirika siku ile, na nilimkasirikia Vaiju, nikaenda chumba cha nyuma nikamwambia, "Njoo uwaone watu uliowanyenyekea." Alikuja, akawaona, na tangu siku hiyo hakulala vizuri.

Kwa hiyo Oktoba ilipofika, meneja wetu Tanmay Wagle, kijana wa Mumbai mwenye shati lililonyooshwa hata jioni, aliweka mambo wazi mezani.

"Dada Vaiju, safari hii wasipokuja, uandishi wote unakwenda kwa kampuni ya Mumbai. Makao makuu wamesema. Mimi sitaweza kukutetea."

"Hao wa Mumbai watawaita wazee *tu*," Vaiju alisema akiwa tayari ameshasimama.

"Na ubaya uko wapi? Mimi baba yangu namwita *tu*."

"Babako anakulea mpaka leo, ndiyo maana," nilimwambia, na Wagle akacheka, maana ni mtu mwenye roho nzuri.

Wagle alitaka mambo mawili. Ujumbe uwe mfupi, kwa sababu herufi za Kimarathi hula nafasi: zikipita sabini, ujumbe mmoja unahesabiwa miwili, na benki inalipa mara mbili. Na usemeke wazi, *tumhi* na *dya*: toeni cheti kabla ya mwisho wa Novemba, la sivyo pensheni itasimama. Maneno yakishasajiliwa kwa makampuni ya simu, hakuna kubadilisha hata nukta.

"*Tumhi* sina neno," Vaiju alisema. "Ni heshima ya kutosha, na haiulizi kama ni bwana au bibi, wakati *tu* ingelazimisha kitenzi kiseme. Shida yangu ni *dya*."

"*Dya* si tusi. Kila siku unamwambia muuza mboga *dya*."

"Muuza mboga anasikia mdomoni mwangu. Huu ujumbe utasikika mdomoni mwa nani?"

Wagle hakuelewa. Mimi nilielewa, kwa kuwa ni mke wa mtu. Wazee wetu wengi hawasomi simu. Macho yana mtoto wa jicho, herufi ni ndogo. Anayewasomea ni mke wa mwana wao, jikoni, mikono ina unga. Na mke wa mwana hamwamuru baba mkwe. Hapo ndipo Vaiju alipokwama, akizunguka birika la maji hadi mhudumu akamuuliza kama limeharibika.

Maana yeye mwenyewe ni huyo mke. Nyumbani kwake yupo Bhagwanrao Hujare, baba wa mumewe, mwalimu mstaafu wa michezo, mtu wa filimbi shingoni na sauti ya kuvuka uwanja. Vaiju humwita Mamanji, kama wake wa kwetu wanavyowaita baba wakwe. Katika miaka yake yote ya ndoa hajawahi kumwambia "kuleni" wala "njooni". Chakula kikiwa tayari, husimama mlangoni na kusema, "Ingefaa Mamanji apate chakula." Chai ikipoa, "Chai ingenywewa." Anazungumza kana kwamba yule mzee yuko chumba cha pili, ilhali yuko mbele yake akimkodolea macho. Nimewahi kula kwao. Nilishindwa kumeza kwa kicheko.

Mwishowe alikubali. Aliwakumbuka wale wa Desemba, akaandika *dya*. Wagle alisajili, ujumbe ukatoka wiki ya kwanza ya Novemba, mbali kidogo na Diwali, ukarudiwa kila jioni. Na walikuja! Siku ya pili tu, wazee walikuwa wamejaa kwenye benchi, wengine wakinung'unika, "Benki imekuwa polisi," lakini walikuja, kidole kikawekwa, wakaenda zao. Nilimpelekea Vaiju habari kila saa. Angefurahi mtu mwingine. Yeye alikuwa anatafuna kucha.

"Una nini tena? Umeshinda."

"Mamanji hajaja."

"Umemsomea?"

"Kila ukiingia."

"Umemsomea vipi?"

Akatazama dirishani, akala chakli yangu. Nikajua. Nilimbana mpaka akasema. Ujumbe uliandikwa *dya*, aliuandika kwa mkono wake mwenyewe, na kila jioni akimsomea mzee alikuwa akiugeuza ukiwa bado ulimini: *dyava*. "Cheti kingetolewa, Mamanji." Ile sehemu ya pensheni kusimama alikuwa akiimeza kabisa. Mzee hujibu, "Haya, tutaona," na kugeukia redio.

"Wewe mwanamke!" nilimwambia. "Umewaamuru wazee wa wilaya nzima, wako mmoja anakushinda?"

"Mume wangu yuko Nashik kwa kazi. Nitamwambia yeye apige simu."

"Mpigie sasa hivi."

Alipiga. Mume akampigia babake, babake akamwambia ana shughuli. Shughuli gani, mtu anayeshinda barazani akihukumu kriketi ya watoto wa jirani! Siku zikaisha. Vaiju alikuwa anakuja kazini kabla ya mfagiaji, anafungua orodha ya waliokwisha kutoa, anatafuta jina la Hujare, anafunga. Mimi nami nilianza kuwashwa miguu. Si pensheni kubwa, lakini ndiyo mzee anayonunulia dawa zake za sukari, na hataki rupia ya mwanawe. Isingefika, angeacha dawa kimya kimya ili asiombe. Vaiju alijua hivyo vizuri.

Siku ya mwisho hakuja kazini asubuhi. Yaliyotokea nyumbani alinisimulia baadaye. Alipika poha ya mchele uliopondwa, akamwekea mzee. Akasimama mlangoni kama kawaida. Akafungua mdomo aseme ingefaa. Mzee alikuwa anakula taratibu, miwani puani, viatu vyake vikiwa pale pale chini ya kiti, na Vaiju akaona sahani ikiisha, na kwamba ikiisha atawasha redio na siku itakuwa imekwisha.

"Mamanji," alisema, "inukeni."

Kijiko kikasimama hewani.

"Inukeni. Vaeni viatu. Twendeni benki, leo ndiyo mwisho, pensheni itasimama."

Alingoja filimbi, alingoja ile sauti ya uwanjani. Mzee alimaliza kijiko chake, akafuta masharubu, akavaa viatu. Walikwenda kwa skuta, mzee nyuma, mkono mmoja ukishika kofia.

Niliwaona wakiingia. Kile kifaa cha vidole kilikataa kidole cha mzee, vidole vya wazee vimelika, kikakataa na cha pili, basi tukampa karatasi akasaini mbele ya Wagle. Nilipiga muhuri kwa nguvu zote. Nikadhani yamekwisha.

Mzee alisogeza karatasi, akamgeukia Wagle. "Nani anaandika huu ujumbe wa simu?"

Wagle akamwonyesha Vaiju kwa mkono. Nadhani alitarajia sifa.

"Chougule jirani yangu alisomewa na mkewe," mzee alisema, na sauti yake haikuwa ya uwanjani. "Alisomewa 'toeni'. Na kwa kina Salunkhe wamesomewa 'toeni'. Mimi nyumbani nikasomewa 'kingetolewa'. Kila jioni. Nikajiuliza, benki hii ina maneno mangapi?"

"Mamanji, nilikuwa nachelea..."

"Najua ulichochelea. Niliketi nikangoja." Aliivua miwani akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Ungeniambia siku ya kwanza, ningekuja siku ya kwanza. Chougule mkewe humfokea achukue mwavuli. Mimi miaka yote hii nakula kwangu kama mgeni wa wageni. Hakuna aliyewahi kuniambia hata nikae."

Vaiju macho yalimjaa, akashika ukingo wa dirisha langu. Foleni nyuma ilikuwa inasukumana, Wagle anatazama viatu vyake.

Kisha Vaiju akaivuta ile benchi ya wateja, akaipangusa kwa ncha ya sari yake.

"Kaeni, Mamanji," alisema. "Kaeni hapo, nakuja na chai."

Mzee akakaa. Chai nikaenda kuichukua mimi. Na Vaiju, nilipompelekea vikombe, nilimkuta naye ameketi kando yake.