Mama Alipopuliza Mkono

Mimi hukasirika haraka, kila mtu katika maabara yetu hapa Kitui anajua. Lakini mashine ya kusaka bakteria ilipolia nikakuta chupa ya damu ni ya mdogo wangu, hasira yote iliniishia. Nilivuta kiti nikakaa.

Mdogo wangu ana duka la nafaka kule Kabati, na valvu moja ya moyo wake iliharibika tangu utotoni. Homa ilikuwa imemkamata, haishuki, akalazwa hapa hospitalini kwetu. Daktari aliogopa kwamba bakteria wameshika ile valvu, akaagiza damu ioteshwe kabla ya dawa yoyote: itolewe mara tatu, sehemu tofauti, na kila chupa ijae hadi alama. Nesi alipoleta chupa zake, mama yetu alisimama kati yake na kitanda. Alisema mtoto amebaki mifupa, na bado wanataka kumkamua. Wakavutana mpaka nesi akachoka, akatoa chupa moja tu, tena haikufika nusu. Ilipoletwa maabara nilifoka, halafu nikaiingiza kwenye mashine hivyo hivyo, maana sikuwa na nyingine.

Ndani ya chupa hizo mna supu ya kulisha bakteria. Mashine inazitunza kwa joto la mwili huku ikizitikisa polepole. Bakteria akiwa hai atakula, atazaana, atatoa hewa ya kaboni, na kitako cha chupa kitabadilika rangi. Mashine inakikagua kitako hicho mchana na usiku, ikiona hewa inaongezeka inalia. Damu ikiwa kidogo unaweza kuwakosa kabisa, kwa sababu mara nyingi wanakuwa wachache mno. Na wakipatikana, mashine haiwezi kukuambia kama wametoka kwenye moyo au wameokotwa njiani, kwenye ngozi au hewani. Yenyewe inalia tu.

Kwenye darubini niliwaona wamejipanga kama shanga. Kesho yake tukajua ni jamii ile inayoishi mdomoni mwa kila mtu. Shida ni kwamba jamii hiyo hiyo ndiyo hupenda valvu mbovu. Zingelia chupa kadhaa ningeamini, ingelia moja kati ya nyingi ningetilia shaka, lakini mimi nilikuwa na moja kati ya moja. Ikiwa ni kweli, mdogo wangu angelala kitandani wiki nyingi akidungwa dawa, na pengine apasuliwe moyo Nairobi. Niliogopa, sitaficha. Daktari akasema kwa kuwa hajazidiwa, turudie upesi, na safari hii turudie vizuri.

Nilienda wodini mwenyewe. Nikamwambia mama kwamba damu yote ikiwekwa pamoja haijazi hata kikombe kidogo cha chai. Alinuna, akakubali, bora aachwe amshike mtoto mkono.

Nesi alitafuta mshipa, akapangusa mifuniko ya chupa kwa spiriti, akasugua ngozi kwa dawa, kisha akangoja ikauke, kwa sababu ni katika kule kukauka dawa inaua bakteria. Ilimuwasha mdogo wangu, akakunja uso. Basi mama akainama, akapuliza mkono taratibu, kama alivyotupuliza magoti kila tulipoanguka.

Ai! Nikamzuia nesi.

"Mama, hata siku ile ulimpulizia?"

"Sasa aungue nikimtazama?"

Nilitaka kumgombeza na kumkumbatia kwa wakati mmoja. Nilimweleza kwamba pumzi ya mdomoni ina bakteria, na sindano ikipita hapo inaingia nao chupani. Alisogea hadi miguuni pa kitanda, akajiziba mdomo kwa leso yake. Nesi akasugua upya, akangoja, na hakugusa tena pale aliposafisha. Mara tatu, mishipa tofauti, chupa zote zikajaa.

Kisha nikangoja, mimi nisiyejua kungoja. Mashine ikilia nilikuwa naruka, kumbe chupa ni ya mtu mwingine. Homa ikaanza kushuka, pamoja na kikohozi ambacho hakuna aliyekuwa amekijali. Siku ya tano ilipita, mashine ikafunga hesabu ya chupa za mdogo wangu: hakuna kilichoota, hata katika moja. Daktari alisema ile ya kwanza ilichafuka, moyo uko salama. Nilijifungia chooni nikalia kwa furaha, halafu nikatoka nikamfokea mtu kuhusu glavu ili wasinishuku.

Nilipofika wodini mama alikuwa ameshaambiwa. Alikuwa amekaa kando ya mdogo wangu na kikombe cha uji, moshi unapanda. Akainua kijiko hadi karibu na midomo yake mwenyewe, kisha akasita, akanitazama.

"Uji puliza, mama," nikamwambia.

Akapuliza.