Mutindi na Kisanduku cha Sababu

Mutindi Masila alikuwa mshonaji wa kola katika kiwanda kimoja cha nguo pale EPZ, eneo la viwanda vya kuuza nje, Athi River, na mimi nilikuwa nakata nyuzi kwenye meza iliyokuwa nyuma ya cherehani yake. Nilimjua kwa mgongo kabla ya kumjua kwa uso. Alizaliwa kijijini Ndithini, mtoto wa kwanza wa nyumba ya wasichana watupu, akaishia kidato cha nne kwa sababu ukame haujui kwamba mtoto ana akili. Alipanga chumba Mlolongo, karibu na kiwanda. Mshahara wake ulikuwa na kazi mbili, karo ya mdogo wake na dawa za mama, kisha ulikwisha, naye hakuwahi kuulalamikia.

Mwaka 2008 wakubwa waliamua kwamba karatasi za likizo zimepitwa na wakati. Walileta kompyuta moja, wakaiweka kwenye kona ya kantini, wakatuambia kila ombi la ruhusa lijazwe humo. Watu mia kadhaa, kompyuta moja, na fomu ya Kiingereza. Nikikumbuka hasira hunipanda hadi leo.

Mutindi ndiye aliyetuokoa. Aliielewa ile fomu siku ya kwanza, na saa ya chakula watu walimpangia foleni. "Tarehe ya mwisho ni siku yako ya mwisho nyumbani," alikuwa akiwaambia. "Si siku ya kurudi kazi. Ukiweka ya kurudi, umejikata siku moja bure." Kuhusu sababu alikuwa mkali kama mwalimu wa hesabu. Kisanduku kilikuwa kidogo, hakikubali hadithi. Watu wetu wakiomba kitu huanza na salamu, wakapitia kwa mvua na mavuno, ndipo wafike kwenye shida. Kisanduku kilikuwa kikijaa bado wako kwenye mvua. Yeye alikuwa akiwafutia yote. "Sema nani, ana nini, yuko wapi, na kwa nini ni wewe lazima uende. Basi." Mtu akiandika tu kwamba mama ni mgonjwa, alimkatalia. "Hiyo kila mtu anaandika. Kilonzo ataiona ni uongo."

Kilonzo alikuwa supavaiza wetu. Hakuwa mtu mbaya, nalisema hili ingawa roho inakataa. Alikuwa na oda za mashati za kumaliza, na kwenye kompyuta yake alikuwa akiona majina, tarehe na mstari mmoja wa sababu. Aliyejieleza vizuri alipita. Wa Mutindi walikuwa wakipita karibu wote.

Lakini mganga hajigangi.

Mama yake alirudishwa nyumbani kutoka hospitali mwezi wa Oktoba. Madaktari walisema akae na watu wake, na kila mtu mzima anajua maneno hayo maana yake ni nini. Kaluki, mdogo wake Mutindi, alimpigia simu: Mwaitu, yaani mama, hali chakula tena, anauliza tu Mutindi yuko wapi. Kumwona mama akiwa hai, hilo tu ndilo alilotaka Mutindi. Kuondoka bila ruhusa hakungewezekana. Kiwanda kilikuwa kikifuta watoro bila kuuliza, na kazi hiyo ikienda, dawa nazo zimeenda.

Siku ya kwanza aliketi kwenye kompyuta, nami nikasimama nyuma yake. Akaandika: mambo ya nyumbani. Kwenye tarehe ya mwisho alikaa muda mrefu. Aliiacha wazi, fomu ikakataa kwenda. Mwishowe akaweka mwezi mzima.

"Mutindi, si wewe unatufunza?" nilimwuliza. "Andika mama yuko mahututi. Weka wiki moja."

"Siwezi kuandika hiyo, Ngina."

"Kwa nini?"

"Mwaitu alitulea hivyo. Mgonjwa ako hai husemi anakufa. Ukisema, umemfungulia mlango. Nyanya akiwa kitandani, sisi tulikuwa tunasema amepumzika kidogo. Hata mganga wa hospitali aliposema vibaya juu yake, Mwaitu alimfukuza kwa nyumba." Akanyoosha kidole kwenye kioo. "Na hii tarehe ya mwisho inaniuliza nini? Inaniuliza Mwaitu atamaliza lini."

Nilisema niandike mimi, akanitazama kana kwamba nimemtukana. Ombi lilikuwa na jina lake juu, alisema, kwa hivyo maneno yangekuwa yake.

Kesho yake lilirudi limekataliwa. Kilonzo alikuwa ameandika: Mambo gani? Mwezi wote, wakati wa oda? Toa sababu kamili na tarehe zinazofaa.

Mara ya pili aliomba wiki moja, akaandika kwamba mama ni mgonjwa. Maneno yale yale aliyokuwa akiwakataza wengine. Nilitaka kupiga kelele mle kantini. Kilonzo alikataa tena, na safari hii alikuja hadi kwenye cherehani.

"Mutindi, hata wewe? Kila mtu hapa mama yake ni mgonjwa. Niko na hao wengi kwa kompyuta."

"Ni ukweli, bosi."

"Sasa si uandike vile iko? Ako na nini? Ako wapi? Wewe ndio mwenye kujua hiyo fomu."

Mutindi aliinamisha kichwa, akaendelea na kola. Mdomo aliokuwa akiwasemea wenzake ulifungika palepale alipouhitaji. Mimi ndiye niliyemwambia Kilonzo kwamba mama yule anakaribia kufa. Akasema kwa upole kwamba yeye hawezi kupitisha maneno ya jirani, ofisi ya juu husoma kilichoandikwa tu.

Jumanne Kaluki alipiga simu asubuhi tukiwa getini, akamwekea mama simu sikioni. Sikusikia aliloambiwa. Nilimsikia Mutindi tu akisema, "Nakuja, Mwaitu." Saa ya chakula hakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye kompyuta, watu wakampisha bila kuombwa, akaandika haraka, kwa Kiingereza safi: Mama yangu yuko mahututi nyumbani Ndithini, mimi ni mtoto wake wa kwanza. Akaweka Jumatano ya kesho, akaweka Jumanne ya wiki iliyofuata. Akatuma.

Kabla ya jioni Kilonzo alipita kwenye mstari wetu. "Nimepitisha. Sasa hiyo ndiyo sababu. Pole sana, na usafiri salama."

Simu tulikuwa tunaziacha kwenye makabati, haziruhusiwi ndani. Zamu ilipoisha Mutindi alifungua lake, akakuta Kaluki amepiga mara nyingi. Mama alikuwa amefariki mchana ule.

Walimzika Jumamosi. Jumatano iliyofuata Mutindi alikuwa kwenye cherehani yake, kama fomu ilivyosema, hakuzidisha hata asubuhi moja. Kompyuta hakuikaribia tena. Foleni ilikuja kwangu, nami sikuwa hodari, na watu wengi walikataliwa mwaka ule.

Nilijaribu kumtoa kwenye fikra kwamba ni yeye aliyefungua mlango. Nilimwambia ugonjwa ulianza kitambo, kwamba mama yake hakuuawa na mstari wa Kiingereza kantini. Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu yake ileile, mguu ukiwa umetulia juu ya pedali.

"Nilinyamaza, Kilonzo akakataa," alisema. "Nikasema, Kilonzo akakubali. Na Mungu pia akakubali."

Kisha akavuta kola nyingine, akaanza kushona.