Sukari Mpaka Punje Ikubali

Mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, hatujawahi kuiva chungu kimoja. Ana mdomo, hana subira, na akikuona unakata kitunguu ovyo atakunyang'anya kisu bila kukuomba. Lakini jiko la hospitali tulilopikia pamoja alilijua ndani na nje. Hilo sisemi kwa kumbembeleza. Nasema kwa sababu ni kweli, na mimi nilikuwepo.

Kila Jumatano tulipika wali wa maziwa kwa wagonjwa waliopasuliwa, wale wasioweza kutafuna. Wifi alianza na mchele na maji, moto wa wastani, mpaka punje ipasuke. Maziwa aliyachemsha pembeni, akayamimina kidogo kidogo, moto akaushusha, na mwiko wake ukawa unakwangua chini ya sufuria muda wote. Sukari ilikuja mwisho.

Akaja mtunza stoo mpya. Sukari ilikuwa ikipotea, na yeye hakutaka ipotee mikononi mwake. Akabandika karatasi mlangoni: sukari itatolewa saa mbili asubuhi na itatiwa sufuriani hapo hapo, yeye akiona.

"Kwani sukari ina miguu, mwanangu?" wifi akamuuliza.

"Ya hapa inayo, mama. Mwezi uliopita zimetembea kilo sita."

Jumatano ile wifi alitii, na mimi nilimcheka kwa kutii. Sukari ikaingia punje zikiwa bado ngumu. Tukakoroga mpaka mabega yakauma, wali hauivi. Sukari inaizuia punje isinywe maji, na ile tamu nzito inatuama chini na maziwa, inashika. Harufu ya kuungua ilipotoka wifi akapiga kelele, "Usikwangue!" Tukamimina ya juu kwenye sufuria nyingine, tukaacha ukoko pale pale. Tulikuwa tumechelewa, wali wote ulishanuka moshi. Bakuli zikarudi kutoka wodini zimejaa.

Matroni, mkuu wa wauguzi, akaja mwenyewe. Akasema bakuli zikirudi tena Jumatano ijayo, atatafuta mpishi mwingine. Mtunza stoo akadakia, "Bibi amechoka, matroni. Mikono imezeeka."

Wifi akageuka, akaanza kukwangua sufuria iliyoungua. Nikajua kuna jambo, maana huyo mtu si wa kutukanwa akaendelea na kazi.

Jumatano iliyofuata mtunza stoo alikuja na sukari yake kwenye beseni. Wifi akaifunika sufuria kwa mfuniko na kuweka mkono juu.

"Haiingii."

"Amri ni amri, mama."

"Basi vuta kiti, ukae na sukari yako mpaka punje ikubali. Macho si unayo? Itazame."

"Mimi nina kazi!"

"Na mimi je, nacheza?"

Akaondoka na beseni, akafunga stoo. Wifi akaendelea kupika kama vile hakuna kilichotokea. Mimi nilikuwa naangalia saa. Saa sita chakula kinatakiwa wodini, na sukari iko chini ya kufuli. Nikamwambia, "Wifi, utafukuzwa." Akasema, "Geuza mwiko, acha kutabiri."

Saa tano na robo akatoa punje moja, akaibinya kati ya vidole viwili. Ikapondeka yote, hakuna kiini cheupe. "Nenda kamwite," akaniambia. Nikaenda, nikamwambia yule bwana kwamba matroni akiuliza kwa nini wagonjwa hawajala, nitamwonyesha kufuli. Akaja anafoka, beseni mkononi.

Wifi akamwekea punje kiganjani. "Binya." Akabinya. "Na ile ya Jumatano iliyopita ulibinya?" Akampisha kwenye sufuria. "Haya, mimina mwenyewe."

Akaimimina. Wali ukalegea, ukawa majimaji, naye akashtuka. "Mama, wali umeharibika!"

"Umepokea sukari tu. Sasa utarudi kushikana. Shika mwiko huu, kwangua chini, usisimame."

"Mimi?"

"Nani aliyesema mikono yangu imezeeka?"

Alikoroga dakika kumi, jasho likamtoka, tai ameitupa begani. Alipotaka kupumzika wifi alimgonga kiwiko, maana sukari ikishaingia ndipo panapoungua kwa kufumba na kufumbua. Wali ukawa mzito wa kutosha, kidogo mwepesi, kwa sababu ukipoa huwa unakaza.

Bakuli zilirudi tupu, nyingine zimelambwa. Matroni akauliza leo kumefanyika nini. Wifi akafungua mdomo, lakini yule bwana akamtangulia: "Saa niliyoiandika mimi ndiyo iliyokuwa mbaya, matroni. Mpishi hana kosa."

Jioni akaandika karatasi nyingine. Wifi hajui kusoma, na mimi nasoma kwa kuunga herufi, kwa hiyo nilichukua muda: sukari itatolewa mpishi akiita.

"Soma tena hapo mwisho," wifi akasema.

Nikamsomea mara tatu. Akapika pale miaka kumi na moja zaidi, na kila Jumatano aliita kwa sauti ya kusikika mpaka getini.