Insha Mbili Kwenye Karatasi Moja

Dada yangu yuko mwaka wa pili chuoni Unguja, anasoma masomo ya maendeleo. Muhula huu alirudi kwetu Madungu kumuuguza baba, aliyeanguka kwenye mkarafuu akavunjika nyonga. Akarudi na insha aliyofeli. Mwalimu alimwandikia: "Umeeleza, hujalinganisha." Aiandike upya, mwisho Ijumaa kabla ya adhuhuri, la sivyo hapandi mwaka wa tatu.

Mimi niko kidato cha tatu na husoma chochote kisichonihusu. Nikaisoma. Nusu ya kwanza nadharia ya usasa, nusu ya pili nadharia ya utegemezi, kisha mstari mmoja: zote ni muhimu.

"Dada, hii ni hitima ya maiti wawili," nikamwambia. "Umemzika wa kwanza ndipo ukamkumbuka wa pili. Hata salamu hawakupeana."

Hakucheka. Akafuta vichwa vyote akaandika maswali matatu: Umaskini unatoka wapi? Nchi tajiri zina mkono gani? Mtu ajikwamue vipi? Kila swali lijibiwe na nadharia zote mbili, papo hapo.

"Sasa nataka mfano mmoja upite kote," alisema.

Nikaelekeza kidevu chumbani kwa baba.

Mfano ukamwendea vizuri mno. Usasa ukasema baba kaanguka kwa sababu twachuma kizamani, hatuna mtaji wala zana; walioendelea watuletee, tufuate njia yao. Utegemezi ukakataa: karafuu inatoka ghafi, bei inapangwa mbali, faida inabaki huko, ndiyo maana mchumaji hatoki mtini; tupunguze kuwategemea, tujenge viwanda vyetu. Akawa anaandika kwa Kiingereza, anasoma kwa sauti kwa Kiswahili, na mimi namtilia chumvi.

"Nyie," baba akaita nyuma ya pazia. "Nani huyo kaanguka?"



"Ni mfano tu, baba," dada akasema.

"Mwalimu wako ananijua?"

"Hakujui."

"Basi asinijulie hapo. Nitoe."

 

Ilikuwa Alhamisi jioni. Dada alimtoa baba aya kwa aya, akaweka zao la karafuu kwa jumla. Maswali yakabaki palepale, insha ikasimama, lakini ikapoa. Mwishoni akapima: usasa hauoni historia ya biashara, utegemezi unasahau makosa ya ndani; kwa karafuu, akaupa utegemezi uzito zaidi. Ijumaa asubuhi akaituma.

Alifaulu, kwa alama za chini. Mwalimu aliandika kwamba muundo ni mzuri ila mifano ni ya juujuu.

Baba aliomba asomewe. Dada akamtafsiria kutoka Kiingereza, sentensi baada ya sentensi, na baba akasikiliza yote mpaka mwisho.

"Kweli simo," akasema.

"Humo, baba."

Akageuza uso ukutani.