Mkulima Mmoja Katika Barua ya Maombi

Baba alitoa karatasi mfukoni mwa koti, akaifungua juu ya meza ya saiba, duka la kuchapisha karatasi kwa kompyuta, akailainisha kwa kiganja. Ilikuwa fulskapu iliyojaa mwandiko wake pande zote mbili. Mama wa saiba, ambaye kabla ya kufungua biashara yake pale Kericho alikuwa sekretari katika ofisi ya wafanyakazi ya shamba moja kubwa la chai, alivaa miwani akaanza kusoma. Kisha akaivua miwani akaniangalia mimi, si Baba.

"Hii ni barua ya kuomba kazi ama ya kuomba mke?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Mimi sikuwa nimeiona hiyo barua. Nilijua tu kwamba Baba alikesha akiandika kitu, na kwamba asubuhi aliponiambia tushuke Kericho pamoja alikuwa amevaa koti la kanisani. Barua ilianza na mahali nilipozaliwa, nyumbani kwetu Kimulot, ikaendelea na ubatizo wangu, alama zangu za darasa la nane somo kwa somo, ukoo wetu, idadi ya ng'ombe wetu hata, na ugonjwa wa Mama tangu alipoanguka akavunjika nyonga hadi alipoanza kutembea na mkongojo. Mwisho kabisa, kwa wino uliokolezwa, Baba alikuwa ameandika kwamba mkurugenzi fulani wa kiwanda ni rika lake, walitahiriwa pamoja, na kwamba anaifahamu familia yetu vizuri sana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya msaidizi wa ubora wa majani katika kiwanda cha chai upande wetu. Nilikuwa na diploma ya sayansi ya chakula, na tangu niipate nilikuwa nimetuma maombi mengi yasiyojibiwa. Hili lilikuwa tangazo la kwanza nililoona limeandikiwa mtu kama mimi, na kisanduku cha maombi kilikuwa kinafungwa Ijumaa. Niliitaka kazi hiyo hadi nikawa naota nimevaa lile koti jeupe la wakaguzi wa kiwandani.

"Mzee," mama wa saiba akasema kwa sauti ya mtu anayeondoa mtoto karibu na moto, "huyu mkurugenzi tunamtoa."

"Tunamtoa?" Baba akashangaa. "Huyo ndiye barua yenyewe."

"Soma hapa chini ya tangazo. Wamesema canvassing, yaani kutafuta mkubwa akusemee, mtu anatupwa nje. Ukiandika huyu hapa, unamtupa msichana wako nje wewe mwenyewe. Hata yeye mkurugenzi akiiona ataogopa."

"Basi muweke kwa ile CV. Kwa marefarii."

"Refarii ni mtu amekuona ukifanya kazi. Huyu ameona huyu msichana akifanya kazi gani? Na yuko kwa board ya hao hao wanaandika watu kazi. Pia huko hapana."

Baba ni mtu wa kuheshimu tangazo lililopigwa muhuri, lakini niliona jinsi shingo yake ilivyokakamaa. Kwetu mtoto akiomba kazi bila mtu wa kumsemea, watu huuliza kama hana wazazi.

Mama wa saiba akagawanya ile fulskapu kwa kalamu nyekundu. Shule na miaka yake, CV. Diploma, CV, na katika barua iguswe mara moja tu kwa sababu tangazo limeitaja. Marefarii, CV tu. Ubatizo, ukoo, ng'ombe na darasa la nane, akavipiga mstari bila kusema kitu, na kila mstari Baba aliufuata kwa macho kana kwamba ni ng'ombe mwenyewe anayetolewa zizini. Ugonjwa wa Mama, ulioniweka nyumbani kumuuguza, aliubakisha kwenye barua kwa sentensi moja. "CV inaonyesha miaka bila kazi, lakini haiwezi kusema kwa nini," akaeleza. "Hapo ndipo barua inaongea. Lakini sentensi moja, halafu useme hiyo wakati ulikuwa unafanya nini."

"Nilikuwa karani wa majani," nikasema. "Kwa senta ya kununua majani pale kwetu. Kibarua tu."

"Hiyo ni laini moja ya CV. Nataka ya barua. Siku gani ulifanya kitu hapo, mtu mwingine hangefanya?"

Nilipima majani, nikakagua, nikaandika. Wakulima walileta magunia, mimi nikayamwaga mezani nikatafuta kama ni majani mawili na kichipukizi au ni mashina na majani makuukuu. Ningeandika nini hapo? Nilianza kuona barua nzima ikibaki sentensi tatu na salamu, na kuona koti langu jeupe likivaliwa na mtu mwingine.

Ndipo Baba akacheka, kicheko kibaya cha mtu aliyeumia.

"Huyu?" akasema. "Huyu alinirudishia majani yangu. Mimi, baba yake. Mbele ya senta yote."

Jambo hilo halikuwa limetajwa nyumbani tangu litokee. Siku ile Baba alileta gunia lililoshindiliwa, majani yamepata joto yakaanza kuwa mekundu, na nusu yake ni makuukuu. Majirani walikuwa kwenye foleni. Nilimwambia ayarudishe. Alisema majani ni mazuri, kwamba ni mimi nisiyeona. Nikasema, "Baba, yarudishe." Akayabeba akaondoka, na tangu siku hiyo hadi majani mapya yalipochumwa mara kadhaa, hakuongea nami ila kupitia kwa Mama, hata tukiwa tumeketi meza moja. Siku zote alishikilia kwamba majani yalikuwa mazuri. Mama aliniomba niombe msamaha. Nilikataa, kwa sababu nami nina kichwa kigumu, na nimekitoa kwa mwenye nacho.

Mama wa saiba alikuwa ameacha kuandika. "Unaona sasa," akaniambia polepole. "Ulikuwa umekalia hii kitu ukiniambia hakuna."

"Hiyo haiwezi kuandikwa," nikasema.

"CV haiwezi. CV haina mahali pa kuweka. Lakini kazi ni ya kukataa majani mabaya, na wewe uliyakataa yakitoka kwa mtu mgumu zaidi kumkatalia. Hakuna mwingine ataandika hivyo."

Nilimtazama Baba. Alikuwa anaangalia nje, mahali vijana walipokuwa wakiosha pikipiki. Nilishikwa na hofu ya ajabu, kwa sababu watakaosoma ile barua kiwandani ni watu wanaomjua, watu wanaokutana naye kanisani na mnadani. Nikasema iandikwe, lakini pasitajwe baba. Iandikwe "mkulima mmoja." Mama wa saiba akainua mabega akaandika: kwamba siku moja nilimrudishia mkulima mmoja majani yaliyoharibika ingawa nilikuwa na kila sababu ya kumpendelea, na kwamba nililipa gharama ya hilo kwa muda mrefu. Barua ilikuwa kwa Kiingereza kizuri, ukurasa mmoja. Kabla haijachapishwa stima ikapotea.

Kesho yake nilikuwa nimpeleke Mama kliniki, kwa hivyo Baba akarudi Kericho peke yake kuchukua karatasi. Alifika tukiwa jikoni. Nilikagua CV neno kwa neno, miaka, namba za simu za marefarii, kwa maana huko ndiko nilikoogopa kosa. Barua nilikuwa nayo kichwani tayari. Niliweka sahihi chini yake bila kuisoma, Baba akaitia kwenye bahasha pamoja na nakala za vyeti, na Ijumaa akaipeleka mwenyewe.

Nilipoitwa mahojiano nilifurahi hadi nikaogopa. Chumbani walikuwa wawili, meneja wa kiwanda na mama wa ofisi ya wafanyakazi. Mama huyo alikuwa na CV yangu, meneja ana barua. Waliuliza kuhusu unyevu, kuhusu kunyauka kwa majani, na nikajibu vizuri. Kisha yule mama akapindua CV mbele na nyuma.

"Kuna kitu iko kwa barua na mimi siioni hapa," akasema. "Hapa ni karani wa majani tu, basi."

"Ndiyo, madam," nikasema. "Ile ya mkulima mmoja."

Meneja akaniangalia juu ya karatasi. "Mkulima mmoja?" Akasoma, akitafsiri akienda, kwa sauti ya kawaida tu kama mtu anayesoma bei za mbolea. "Mkulima huyo alikuwa baba yangu mzazi. Majani yake yalikuwa mabaya siku hiyo, na yeye alijua."

Sikuelewa. Nilidhani amechukua barua ya mtu mwingine. Niliinama kidogo nikaona sahihi yangu chini, na juu yake maneno ambayo sikuwahi kuyaandika, yamepigwa taipu safi, katikati ya maneno yangu. Mawazo yalikuja bila mpangilio: Baba kwenye meza ya saiba peke yake, kofia mkononi, akimwambia mama wa saiba abadilishe; mama wa saiba akimuuliza kama ana uhakika; Baba akisimama jikoni akinitazama nikipekua CV huku barua iko palepale, akingoja niisome au nisiisome. Na hayo maneno matatu ya mwisho. Na yeye alijua. Miezi yote ile ya kupitisha chumvi kupitia kwa Mama, alijua.

Walikuwa wananingoja. Nilitaka kulia, na nilikasirika pia, kwa sababu ni mtu gani anakuomba radhi kwenye bahasha ya kiwanda?

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu niripoti kazini, na nilipiga kelele hadi ng'ombe wakashtuka. Lakini nikiikumbuka kazi hii ilivyonijia, sikumbuki simu. Namkumbuka yule mama wa ofisi ya wafanyakazi akiiweka CV chini na kuuliza, akiwa na shaka ya haki kabisa:

"Ulijuaje alijua?"

"Aliniambia," nikasema.

Ilikuwa kweli. Alikuwa ameniambia dakika hiyo hiyo.