Mgongo Uliomuuma Fundi kwa Wifi Peke Yake

Alikuwepo fundi cherehani mmoja ambaye mgongo wake uliuma kwa mtu mmoja tu, wifi yake. Kwa wateja ulikuwa mzima, ungeweza kubeba nyumba na waliomo ndani.

Msimlaumu haraka. Huyo wifi, dada wa mumewe, hakuwahi kuja bila furushi. Leo sare za kwaya, kesho mapazia ya madirisha saba, na malipo ni yale yale: "Ahsante wifi, una mkono mwepesi!" Fundi akashona hadi cherehani ikaanza kukohoa. Ndipo akasema daktari kamkataza kuinama, kazi kaacha.

Lakini kila siku huweka nguo anazoshona kwenye stetasi ya WhatsApp, wateja wazione. Basi akaingia kwenye faragha ya stetasi, akachagua watu wake wote isipokuwa mmoja, akatia alama kwenye jina la wifi, asione kitu. Mwaka mzima akapumua.

Siku moja wifi akapita. "Mgongo vipi?"

"We acha tu, wifi. Hata kucheka siwezi."

"Pole, mama. Mimi laini yangu imepotea. Seivu namba mpya, hapa hapa nikuone. Yako ninayo."

Akaseivu. Afanyeje?

Kesho yake akamaliza magauni sita ya harusi. Kwa furaha akajirekodi akikanyaga cherehani huku anaimba, akatupia stetasi. Chai haijapoa, akachungulia nani kaona. Wa tatu: Wifi Mpya.

Akafungua faragha. Alama aliitia kwenye namba ya zamani, na hii mpya haikuwemo kwenye orodha ya wanaofichwa. Mbio akaitia alama nayo. Bure, maana hiyo hushika stetasi zijazo, iliyokwisha kwenda imekwenda. Akaifuta kabisa. Sasa? Aliyeona kaona.

Mlango ukagongwa. Furushi likatangulia kuingia, wifi akafuata.

"Nimeuona mgongo wako, wifi. Unaimba vizuri."

"Ile ilikuwa ya zamani..."

"Na kalenda ukutani? Ya mwezi huu." Akajibwaga kwenye kiti cha wateja, miguu akaikunja kabisa. "Sigombi mimi. Sare kumi na nne tu. Kila jioni uniwekee stetasi nione zilipofikia. Siku nisipoona, nitajua umenificha, nahamia hapa na godoro langu."

"Sijakuficha, wifi."

"Fungua nione."

Fundi akafungua. Jina la wifi lilikuwa pale, na alama yake mbichi. Akaitoa, wifi akimpumulia shingoni. Kisha akakata kitambaa cha kwanza, akakipiga picha, akaiweka.

"Nimeiona," wifi akasema, palepale kitini, simu mkononi. "Haya, endelea."

Akainama, akashona. Ilipofika sare ya nne mgongo ukaanza kumuuma kweli, na hakuwa na wa kumwambia.